Mwenye Nyumba Aandike

Rosalia Polikarpo aliuza cherehani yake ili alipe kodi ya nyumba, na hilo peke yake lilitosha kumkasirisha mtu mwaka mzima. Alikuwa ameinunua kwa jasho lake, miaka sita ya kushona barazani hapa Keko, jirani na mafundi seremala. Kisha mwanawe Adelard akalazwa hospitali, akakaa huko akaugua na kupona na kuugua tena, na kodi ya chumba ikalala miezi mitano, tangu Februari hadi Juni mwaka wa sabini na mbili. Shilingi arobaini mara tano. Mia mbili taslimu alizihesabu mkononi mwa Bwana Mfaume, mwenye nyumba, Jumamosi ya tarehe mosi Julai, na wapangaji wenzake wakiona.

Dawa ya deni ni kulipa, watu husema. Rosalia dawa aliinywa yote, ugonjwa ukabaki pale pale.

Maana alipochelewa, alishtakiwa kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Shomari, naye akaandika katika daftari lake: Rosalia, mpangaji, anadaiwa. Sasa akina mama wa ushirika wa kushona sare za shule walikuwa na nafasi moja, na cherehani ya ushirika ya kushonea ikiwapo, lakini walitaka barua ya balozi kwamba mtu huyo hana deni wala shauri. Ilitakiwa ifike Jumatatu ya tarehe kumi. Balozi akasema hawezi kufuta alichoandika kwa maneno ya mdomoni. Mwenye nyumba aandike kwamba amelipwa yote, ndipo naye aandike yake.

Ni jambo dogo hilo. Mistari minne tu. Rosalia alimfuata Bwana Mfaume mara tatu kuiomba.

"Mama Adelard, mie nimekwambia sikudai," alisema mara ya kwanza.

"Basi niandikie hivyo hivyo, kaka."

"Huniamini?"

Mara ya pili alisema ana haraka. Mara ya tatu alimwambia mwanamke mwenye maneno mengi hakai kwenye nyumba ya watu. Rosalia akarudi chumbani, akakaa kitandani. Alikuwa na hasira ambayo hakuwa na pa kuiweka, maana hata cherehani ya kuipigia kanyagio hakuwa nayo tena.

Sababu ya kukataa ilijulikana na nyumba nzima, hata na kuku wake. Bwana Mfaume alikuwa afisa katika shirika moja la umma huko mjini, na Azimio la Arusha limesema wazi kwamba kiongozi hana ruhusa ya kuwa na nyumba ya kupangisha. Wenzake wengine waliuza. Yeye aliandikisha nyumba kwa jina la dada yake, Hamisa, aliyekaa chumba cha uani, akafagia, akateka maji, akawafungulia wapangaji mlango, na kodi hakuionja hata senti. Kila mwisho wa mwezi Mfaume aliliacha gari la shirika kule barabarani kwa maseremala, akaja kwa miguu kama mtu aliyekuja kumjulia hali dada yake. Wapangaji walifundishwa kumwita Mjomba mbele ya wageni. Na hata mashtaka ya Rosalia aliyapeleka Hamisa, kwa kutumwa. Mdomo wa kudai aliuazima kwa dada, lakini mkono wa kukiri akauficha. Mtu wa namna hiyo ukimwita mnafiki unawaonea wanafiki.

"Kwa nini usiniandikie wewe, dada Hamisa?" Rosalia alimwuliza.

Hamisa alikuwa anachambua mchele. "Kanikataza. Kasema nisitie mkono kwenye karatasi yoyote."

"Na wewe unakubali?"

"Mie nalala wapi nisipokubali?"

Rosalia alijifunga khanga akaenda moja kwa moja kwa Mzee Shomari, akamwomba awaite wote Jumapili asubuhi. Mzee akasitasita. Hakupenda kugombana na mtu mwenye gari, hata kama gari lenyewe si lake.

"Shikamoo yako nimekupa, mzee," Rosalia alisema. "Lakini uliponiandika mdaiwa hukusitasita."

Jumapili ile baraza ya balozi ilijaa, kwani habari za kodi hakuna asiyezitaka. Mfaume alikuja na shati jeupe. Akaanza yeye, akasema haya ni mambo madogo ya nyumbani, deni limekwisha, wote wamesikia, kila mtu akale chakula chake.

"Kama limekwisha, liandikwe," Rosalia alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia, wala hakuishusha. "Nimeuza kitendea kazi changu kukulipeni. Kesho nikikosa barua hii nakosa kazi, na mwezi wa kumi na mbili mtaniambia bado nadaiwa. Hapa yuko mwenye nyumba au hayuko? Kama ni wewe, kaka Mfaume, sema mbele ya hawa kuwa nyumba ni yako, utie jina lako. Kama si yako, nyamaza, mwenyewe aandike."

Fundi mmoja alikohoa. Mfaume alimtazama balozi, na balozi akalitazama daftari.

"Humu mimi nina jina la Hamisa binti Mwishehe," Mzee Shomari alisema hatimaye. "Mfaume hayumo."

Mfaume akacheka kidogo. "Haya basi, andika mzee, dada ataweka dole gumba."

Balozi akaandika polepole, nakala mbili, huku akisoma kwa sauti: "Mimi Hamisa binti Mwishehe, mwenye nyumba, nathibitisha kuwa Rosalia Polikarpo, mpangaji wangu, amelipa kodi yote iliyochelewa, Februari hadi Juni 1972, shilingi mia mbili, tarehe 1 Julai. Hadi mwisho wa Juni hadaiwi chochote." Mahali pa shahidi akaweka jina lake mwenyewe.

Akasogeza wino. Hamisa hakunyoosha kidole. Alichukua karatasi.

Ulikuwa mwezi wake wa saba wa kwenda kisomo cha watu wazima, jioni, baada ya vyombo. Kaka yake hakuwahi kumwuliza anakwenda wapi. Akaisoma yote, midomo ikicheza, watu wakimsubiri. Alipopita penye maneno "mwenye nyumba" alirudi nyuma akapasoma tena. Kisha akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, herufi kubwa, karatasi zote mbili.

"Mzee, niandikie na mie nakala," alisema.

"Ya nini?" Mfaume aliuliza haraka.

"Ya kuweka. Si nimesaini mie?"

Jumatatu Rosalia alipeleka barua ushirikani, akakalia cherehani. Hasira haikumtoka. Ile yake ilikuwa laini kuliko hii, na hakuna aliyemwomba radhi.

Mwisho wa Julai Mfaume alikuja kwa miguu kama kawaida, akabisha chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kila alipobisha aliambiwa kodi imeshalipwa. Rosalia alimwonyesha risiti yake bila kumkabidhi, yenye mwandiko wa Hamisa, mkubwa wa kupinda.

Akaenda uani, shingo imemvimba. Hamisa alikuwa amekaa kwenye kiti, si kwenye mkeka, na birika liko mezani.

"Karibu chai, Mjomba," alisema.

Wapangaji wote walikuwa wametoka milangoni. Mfaume alifungua mdomo apige kelele kwamba nyumba ni yake, akawatazama mmoja mmoja, akaufunga.