Sitini na Tatu za Saa Saba

Masjala ya ofisi ile ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, na karani wake alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye watu walimkumbuka wakitafuta faili tu. Faili likipatikana, wanamsahau tena. Hakuwa na kinyongo, alikuwa mtu wa heshima zake, lakini jamani, kuzoea kusahauliwa si sawa na kutoumia.

Zamani alikuwa na shoga yake, mtunza stoo, jengo la nyuma. Kila siku ikigonga saa saba, mmoja wao humwandikia mwenzake barua pepe ya neno moja: “Umekula?” Mwenzake hujibu: “Bado. Wewe?” Basi, wanakutana stoo, juu ya maboksi ya karatasi, wanakula na kumsengenya kila mtu kuanzia mlinzi hadi meneja. Miaka kumi na minne mambo yakawa hayo.

Kisha yule shoga akaugua, wiki tatu tu, akafariki. Nafasi yake ikakaa wazi miezi saba. Anwani ya stoo nayo haikufungwa, maana ni ya cheo, si ya mtu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia fundi wa kompyuta afanye lolote. Siku ya kwanza kurudi kazini baada ya mazishi, saa saba, vidole vya karani vikaandika vyenyewe: “Umekula?” Akabonyeza kutuma. Alipogundua alichofanya, alilia mpaka karatasi za mezani zikalowa.

Angeachia hapo, lakini hakuachia. Siku nyingine akamwandikia shoga yake kwamba mashine ya kunakili imeharibika tena. Nyingine, kwamba meneja amenyoa ndevu na sasa kidevu chake kinaonekana, heri zingebaki. Akaandika kwamba mwanawe hapigi simu ila akiwa na shida. Akaandika kwamba huwa anafunga mlango wa masjala saa saba na kula amesimama, maana akikaa, kile kiti cha pili kitupu kinamtazama. Zote alizipa kichwa kimoja, “Saa saba”. Hakuna aliyezisoma, na ndiyo maana aliandika ukweli.

Jumatatu moja asubuhi ikaja barua kwa wafanyakazi wote. Mtunza stoo mpya ameripoti leo, kahamishwa kutoka tawi lingine, na atatumia anwani ileile ya stoo. Karani akafungua kikasha cha barua zilizotumwa. Akahesabu barua alizotuma: sitini na tatu! Sitini na tatu, na yule mgeni hajakaa hata kwenye kiti.

Lakini naye alikuwa na ujanja. Kwenye semina mwaka jana walifundishwa kwamba ile programu ya barua pepe ya kwenye kompyuta ina amri ya kurudisha ujumbe uliokwisha kutumwa. Unaufungua kwenye dirisha lake, unachagua kurudisha, unaweka alama kwenye “futa nakala ambazo hazijasomwa”, na nyingine ya kuomba uletewe ripoti. Zake zote hazijasomwa, au sivyo? Akavaa miwani akaanza. Moja baada ya nyingine, bila hata kunywa chai, saa nzima na ushee. Alipofika ya sitini na tatu alishusha pumzi akajiona hodari.

Ndipo mlango ukagongwa. Meneja alikuwa anamzungusha mgeni ofisini.

“Huyu ndiye karani wetu wa masjala,” meneja akasema. “Na huyu ndiye dada yetu mpya wa stoo.”

Mgeni alikuwa mwanamke mpole, begi limebanwa kwapani. Kabla hajatoa mkono wa salamu, simu yake ikalia ti. Ikalia tena. Ti, ti, ti.

“Leo una wageni wengi kwenye simu,” meneja akatania.

Mgeni akaitazama simu, akainua macho kwenye kibao cha mezani kilichoandikwa cheo cha karani, akatazama simu tena. “Karibu ofisini,” karani akasema. Mgeni akaitikia “Ahsante, dada,” wakaondoka.

Karani akampigia fundi wa kompyuta kabla hata mlango haujafungika vizuri.

“Mama yangu, umefanya nini?” fundi akauliza. “Hizi ninazoziona kwenye mfumo, umezirudisha wewe?”

“Zimefutika?”

“Zifutike wapi! Nimemwekea barua pepe kwenye simu muda si mrefu, ndiyo maana zinaingia kwa mkupuo. Kompyuta yake iko stoo, sijaiwasha. Ile amri inafanya kazi kama wote mko kwenye mfumo wa ofisi moja, mwenzako anafungua kwa programu ya kompyuta kama yako, na barua haijasomwa wala haijahamishiwa kikasha kingine. Simu haiitii amri hiyo. Kwenye simu ombi lako linaingia kama barua mpya: ‘Karani wa Masjala angependa kurudisha ujumbe, Saa saba.’ Na barua yenyewe ipo palepale, haijaguswa.”

“Mara sitini na tatu?”

“Mara sitini na tatu. Na ungenyamaza, mama, zingebaki huko chini kabisa, asingezifikia mwaka huu. Ukimwambia mtu usisome, unadhani atafanya nini?”

Loo! Karani akashika kichwa. “Iwashe hiyo kompyuta basi, mwanangu. Sasa hivi.”

“Nikiiwasha, zile ambazo hajazisoma zitafutika. Alizozisoma ndiyo basi tena. Ila leo siwezi, waya wa mtandao wa stoo umekatika. Kesho asubuhi.”

Siku hiyo saa saba karani hakuandika chochote. Alifunga mlango, akasimama, chakula hakikushuka. Alimwona yule mgeni akilini mwake, amekaa juu ya maboksi ya marehemu, anasoma jinsi mtu mzima anavyokikimbia kiti. Kesho atamwambia nani? Atacheka na nani? Alirudi nyumbani kwenye vyumba vyake viwili, akawasha redio apate mtu wa kuongea.

Asubuhi fundi alimpigia: “Tayari, mama, nimeiwasha.” Akakaa mbele ya kioo cha kompyuta akisubiri ripoti. Ya kwanza ikaingia: kurudisha kumeshindikana, ujumbe umekwisha kusomwa. Ya pili hivyohivyo. Alijipa moyo kwamba pengine mgeni alichoka njiani. Ya ishirini, imeshindikana. Ya arobaini, ile ya kiti, imeshindikana. Mpaka adhuhuri zilikuwa zimefika sitini na tatu, na hakukuwa na hata moja iliyofaulu.

Alizitazama zile ripoti kwa muda mrefu. Aibu ilimchoma masikio. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine alichoshindwa kukisukuma: kuna mtu alikaa akazisoma zote. Zote, hata ile ya mashine ya kunakili, ambayo haikuwa na utamu wowote.

Saa saba ikagonga. Akainuka kwenda kufunga mlango. Kompyuta ikalia nyuma yake, akageuka. Ilikuwa barua kutoka anwani ya stoo. Moyo ukamlipuka kwanza, kama mtu aliyesahau kwamba mazishi yalishafanyika.

Mgeni hakueleza wala hakupa pole. Alikuwa amejibu ile barua ya kwanza kabisa, ya miezi saba iliyopita, na “Umekula?” ya karani ilionekana bado pale chini. Juu yake aliandika:

“Bado. Wewe?”