Mstari Usioonekana

Kwa miaka kumi na tisa Yudita ametazama damu, makohozi na mavi ya watu wa Makambako, na bado hajazoea. Mzaliwa huyu wa Kichiwa, mama wa watoto watatu, mzee wa kanisa asiyependa mzaha ibadani, huinamia kipimo kidogo cha plastiki kwa heshima ile ile anayoinamia nayo meza ya Bwana. Wenzake wa maabara humcheka. Yeye huwaacha wacheke.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikikata vidole, Awadhi, mfanyabiashara wa vitenge, alimletea mkewe, Mwanaheri. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Homa ilikuwa siku ya tatu, kifua kinambana, na anapumua haraka kama mtu aliyepanda mlima. Daktari Lidia alitaka kujua kama ni virusi vya mafua.

Yudita aliingiza kijiti cha pamba ndani ya pua, akakizungusha, akakichovya kwenye dawa, akadondosha matone kwenye kipimo. Dakika kumi na tano baadaye mstari wa juu ulikuwepo, ule unaoonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Chini yake, mahali ambapo mstari wa pili huonyesha virusi, palikuwa peupe.

"Basi si mafua," alisema Awadhi, akishusha pumzi. "Ni baridi yenu tu hii ya huku. Nampeleka nyumbani akapumzike, dada."

Hapo Yudita alishtuka. Mafundi wa maabara wa nyanda hizi wana desturi yao: asubuhi za baridi, pakiti ya kipimo hukaa nusu saa chini ya sweta kabla ya kufunguliwa, maana kikiwa baridi hakifanyi kazi sawasawa. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu naye akakitoa moja kwa moja rafuni. Haraka haraka haina baraka. Aliona aibu, lakini akasema.

"Kosa ni langu, kaka Awadhi. Nilikitumia kikiwa cha baridi. Narudia."

Alirudia kwa kipimo kilichopata joto na kijiti kipya. Alisubiri bila kupepesa. Peupe tena.

"Mara mbili, dada," Awadhi alisema, safari hii kwa upole. "Unataka kikuambie mara ngapi?"

Yudita mwenyewe alitamani kuamini. Lakini alikijua kipimo chake. Kinatafuta protini za kirusi, na zikiwa chache hakizioni. Msimu wa mafua kikisema ndiyo, kwa kawaida ni kweli. Kikisema hapana, usiape: kati ya wagonjwa kumi wenye virusi, kinaweza kuwakosa watatu, wanne, hata zaidi.

Alikwenda kwa Daktari Lidia na kumweleza yote, kosa lake likiwemo. Lidia alimsikiliza Mwanaheri kifua, akapima oksijeni, kisha akamgeukia mume.

"Baba, angekuwa kijana mwenye nguvu na mafua ya kawaida, ningemrudisha nyumbani na maji ya kunywa, kipimo kiseme kisemavyo. Huyu ni mjamzito na anapumua vibaya. Analazwa, na dawa ya virusi inaanza sasa. Ingefaa zaidi kuanza ndani ya siku mbili za kwanza, tumeshachelewa, lakini bado inasaidia. Namwongezea ya bakteria mpaka tujue. Hatungoji majibu."

Awadhi alimtazama mkewe, akakubali.

Yudita akachukua sampuli nyingine, akaifunga kwenye kichupa, akaiweka kwenye sanduku la barafu kwenda maabara kubwa Njombe. Kila anapofanya hivyo mwili humsisimka. Mashine ya kule hutafuta kipande cha chembe za urithi za kirusi, na ikikipata hukirudufu: kimoja viwili, viwili vinne, mara thelathini na kitu, mpaka vipite bilioni. Kitu ambacho macho yake hayakukiona mara mbili huzidishwa hadi kijitangaze chenyewe. Hajui sala inayotosha jambo hilo.

Majibu yalifika siku ya pili yake: virusi vya mafua, aina A. Mwanaheri alikuwa ameanza kupumua vizuri, na picha ya kifua haikuonyesha nimonia. Lidia akasimamisha dawa ya bakteria, akaacha ile ya virusi iendelee hadi siku ya tano, na kitanda kikasogezwa mbali na wajawazito wengine.

Awadhi alimkuta Yudita mlangoni mwa maabara.

"Siku ile virusi vilikuwemo, dada?"

"Vilikuwemo."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili. Sisi ndio hatukuviona."

Awadhi aliegemea ukuta.

"Nilikuwa nimeshaita bajaji," alisema. "Ilikuwa inaningoja getini."