Mistari Minne ya Mama Emilian

Jumatano, tarehe 14 Juni 2006, Germana aliingia katika chumba changu cha ushauri nasaha hapa Karatu saa nne na dakika tano asubuhi. Alitoka saa sita na dakika ishirini, saa nzima na zaidi kupita muda wa kawaida.

Alikuwa kibarua wa kuchambua vitunguu huko Mang'ola, na kila wiki alipanda lori la wafanyabiashara kuja kwetu. Mwanawe, Emilian, alikufa maji katika mfereji wa umwagiliaji wa huko mwezi Februari.

Kila kikao kilianza na karatasi ileile yenye mistari minne, kila mmoja wa sentimita kumi: hali yake mwenyewe, familia, kazi na watu, na maisha kwa jumla. Aliweka alama kueleza wiki iliyopita. Kushoto vibaya, kulia vizuri. Nilipima kwa rula na kujumlisha; juu kabisa ni 40. Vikao vitatu vya kwanza alipata 11, 17, kisha 24. Siku hiyo, kikao cha nne, alipata 31. Waliozidi 25 tulikuwa tukianza kuwaandaa kumaliza vikao.

Nilimwonyesha mchoro wa alama zake, uliopanda kila wiki.

"Kwa hiyo nimepona, binti?"

Mikono yake ilikuwa imesokota khanga hadi ikawa kamba.

"Sijui, Mama Emilian. Mchoro huu unafanana na siku zako?"

Alicheka kidogo. "Siku ya kwanza ulipopima, uso wako uliingia huzuni. Wiki ya pili nikasogeza alama, ukatabasamu. Umenipa chai, umenisikiliza, halafu nikulipe kilio kila Jumatano? Hata mbuzi ana adabu!"

Kosa lilikuwa langu: nilizipokea alama zake kama zawadi.

"Nisamehe," nilisema. "Alama ya chini hainikosei adabu. Inaniambia msaada wangu haujakufikia, nibadilishe njia. Chora wiki yako ilivyokuwa, si itakavyonifurahisha."

Nilimpa karatasi mpya. Alichora polepole. 0.8, 2.1, 5.5, 0.9. Jumla 9.3.

Nilimsomea bila kubadilisha uso, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Alama hii iko mwisho kabisa kushoto. Unafikiria kujiua?"

"Mfereji naupita kila asubuhi," alisema. "Jumatatu nilisimama. Nikavua viatu."

"Nini kilikurudisha?"

"Wenzangu waliniita kazini."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Hatukuzungumzia tena kumaliza vikao. Kwa ridhaa yake nilimpigia simu dada yake, Flaviana, wa Rhotia, aje kumchukua; nilikaa naye mpaka alipofika, kisha tukaenda wote watatu kwa daktari. Tulikubaliana akae kwa dada yake, na aje kwangu mara mbili kwa wiki.

Juni 2007 Germana alikuwa bado Rhotia, akipalilia maharage ya dada yake. Alama yake ilikuwa 16.8. Mang'ola hakurudi, hata siku ya misa ya kumkumbuka mtoto.