Plasma Isiyo na Chaji

Baba yangu alikuwa na tabia ya kukaa barazani akiwa amenyoosha miguu. Alikuwa akitoka kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga, jirani kabisa na nyumba yetu pale Kashaulili, Mpanda, amejaa vumbi la pumba hadi kwenye nyusi, akaegemea nguzo na kunyoosha miguu yote miwili, na njia ya kutoka jikoni kwenda sebuleni ikawa imekatika. Hakuna aliyemwambia aikunje. Mama alilalamika kila siku, lakini alilalamika huku anazunguka. Sote tulizunguka, na ndoo, na beseni, na sufuria ya moto, tukipitia ukingoni mwa baraza ambako saruji imemeguka.

Alipofariki, nilikuwa Dar es Salaam chuoni. Nilifika Mpanda asubuhi ya mazishi nikiwa na begi moja na kompyuta, nikakuta turubai limeshafungwa na wakwe wa dada yangu wameshafika kutoka Mpimbwe na magunia ya mchele. Sikulia. Wakati wa misa sikulia, makaburini sikulia, na jioni shangazi mmoja alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye taa na kunikagua kama mtu anayetafuta kibanzi jichoni. "Binti msomi huyu," akawaambia wenzake, "machozi ameyaacha chuoni." Sikukasirika hata kidogo, mimi ambaye hukasirika kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Nilijua mdomo ninao, ila sikuusikia.

Kesho yake msimamizi wangu wa tasnifu akapiga simu. Ni mama mmoja asiye na maneno mengi. Akanipa pole, kisha akasema mtahini wa nje amesoma kazi yangu na ana swali moja, na swali lenyewe halisubiri. Orodha ya wahitimu inafungwa Ijumaa saa kumi. Nafasi ya kufundisha niliyoahidiwa idarani inahitaji cheti cha mwaka huu. Ningeikosa Ijumaa, ningeikosa nafasi.

"Ningeweza kuwaomba wakuvumilie," alisema, "ila wiki ijayo mtahini anasafiri. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Nilisema hivyo kwa sababu ndilo jibu lililokuwa karibu.

Tasnifu yangu ilihusu jambo ambalo mtu wa fizikia hufundishwa mapema na kudhani amelimaliza. Plasma ni gesi iliyopata joto hadi elektroni zikabanduka kwenye atomu zake. Elektroni ni hasi, ioni zilizobaki ni chanya, na zote zinakimbia humo ndani kila moja na njia yake. Ukiingiza chaji moja chanya, ndogo, ya kupimia tu, elektroni zinazopita karibu nayo hupinda kidogo kuielekea, na ioni hupinda kidogo kuikwepa. Jumla ya kupinda huko ni wingu jembamba la hasi kuizunguka ile chaji, na wingu hilo linaificha. Ukiwa karibu nayo unaisikia. Ukisogea, nguvu yake inafifia haraka kuliko ambavyo ingefifia mahali patupu, na ukisogea tena ni kama haipo. Umbali unaopima kufifia huko huitwa urefu wa Debye. Plasma ikizidi joto, urefu huo unaongezeka, maana chembe zina kasi na hazipindi kirahisi. Chembe zikisongamana zaidi, unapungua.

Mimi nilitengeneza plasma hiyo ndani ya kompyuta, chembe nyingi kwenye sanduku la kubuni, nikaweka chaji katikati na kuziacha zikimbie. Picha moja ya papo hapo haionyeshi kitu, ni fujo tupu; lazima uchukue wastani wa muda mrefu ndipo wingu lijitokeze. Na katika mchoro wangu, mbali na chaji, pale ambapo mstari ulipaswa kulala kwenye sifuri, palikuwa na kinundu. Nilikipenda kinundu kile kuliko ilivyo halali kupenda mchoro. Sura nzima ya nne ilieleza kwamba wingu, katika hali fulani, linapitiliza na kuacha alama mbali kuliko nadharia inavyotarajia. Nilijiona nimegundua kitu.

Swali la mtahini lilikuwa fupi. Umetuonyesha plasma yenye chaji. Iko wapi isiyo na chaji? Chembe zile zile, zimepangwa vile vile mwanzoni, muda ule ule, ila chaji haimo. Baada ya hapo utoe moja kwenye nyingine. Mimi sikuwa nimefanya. Nadharia inasema bila chaji wastani wake ni sifuri, kwa hiyo nilikuwa nimeandika sifuri na kuendelea na safari.

Nyumbani kila soketi ilikuwa na simu za wageni. Nikachukua ufunguo wa mashine kwenye msumari wake na kwenda kukaa huko. Mashine ilikuwa imezimwa kwa ajili ya msiba. Nilifuta vumbi la pumba kwenye gunia, nikaweka kompyuta juu yake, nikaiwasha programu bila chaji, na kungoja. Ilikuwa kazi ya siku nzima na ziada. Mbele yangu ulining'inia mkanda wa mashine, na koti la kazi la baba lilikuwa nyuma ya mlango. Nililitazama jinsi mtu anavyotazama koti.

Baba mdogo akaja kunitafuta na sahani ya wali na maharage. Ni mdogo wake baba kwa kufuatana, na ndiye aliyekuwa akiendesha mashine pamoja naye. Akakaa kwenye gunia la pili na kuuliza hicho kinachozunguka kwenye kioo ni nini. Nikamweleza. Anajua kusikiliza, akiwa haelewi hasemi "ehe".

"Sasa hizo zinazoizunguka," akauliza, "zinakuja kukaa hapo?"

"Hapana, baba. Hakuna inayokaa. Kila moja inapita tu, inapinda kidogo, inakwenda zake. Wingu lipo, lakini ukiangalia tena baadaye, zilizomo ni nyingine."

"Kama watu wa msibani."

Hapo nikapandwa na ukali, wa kwanza tangu nishuke kwenye basi. Sipendi fizikia igeuzwe kuwa mahubiri. Nimewahi kutoka ukumbini kwa sababu mgeni rasmi alisema sisi sote ni atomu za taifa. "Sio kama watu wa msibani," nikamwambia. "Ni elektroni. Hazina huruma na mtu."

"Haya, mama, yaishe," akasema, akanisogezea sahani. Halafu akauliza: "Na ukiitoa hiyo chaji?"

"Wingu linatawanyika."

"Linachukua muda gani?"

"Kama ule ambao elektroni moja inahitaji kuvuka wingu lenyewe. Kufumba na kufumbua ni kurefu mno. Halibaki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba. Bila chaji hakuna wingu."

Akaangalia mashine iliyozimwa, akatikisa kichwa, na kuondoka. Wali nilikula wote. Sikumbuki ladha yake.

Programu ilipomaliza, nikachora. Kinundu kilikuwepo. Kilikuwa mahali pale pale, kimo kile kile, katika plasma ambayo haikuwa na chaji yoyote ya kuzungukwa. Kilitokana na jinsi nilivyozipanga chembe mwanzoni na udogo wa sanduku lenyewe. Nikatoa mchoro mmoja kwenye mwingine. Kinundu kikafutika, na kilichobaki kilikuwa mstari safi unaoshuka kwa ulaini hadi sifuri, na urefu wake wa Debye ulikuwa ule ule ambao mtu angeukokotoa kwa kalamu kutoka kwenye joto na msongamano nilioweka. Nilikuwa nimegundua kwamba waliotangulia walikuwa sahihi.

Nikamtumia msimamizi. Akapiga baada ya dakika chache.

"Pole," akasema.

Sikujua ni pole ya msiba au ya kinundu. Nikasema asante, ambayo inafaa kwa zote mbili.

"Futa sehemu ile yote. Weka mchoro huu, andika upya hitimisho, tuma kabla ya Ijumaa saa kumi. Mtahini ataridhika, hii ni kazi safi." Kisha akauliza: "Unajisikiaje?"

"Niko sawa," nikasema, na ilikuwa kweli, hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Nimefiwa na baba, nimepoteza ugunduzi wangu wa pekee, na nilikuwa sawa. Nikafikiri labda mimi ndivyo nilivyo, na shangazi ameona vizuri.

Alhamisi matanga yakaanuliwa. Turubai likakunjwa, viti vya kukodi vikapakiwa kwenye toyo, pikipiki ya mizigo, wageni wakaanza kuaga. Nikahamia barazani na kompyuta, kwenye kona ya mbali, nikaandika hitimisho jipya. Sentensi ya mwisho nilikuwa nayo tayari kichwani: bila chaji ya majaribio, wastani ni sifuri kila mahali. Nilipokuwa nikiiandika, mgeni mmoja wa Kasokola alitoka jikoni na kikapu chake, akakatiza baraza moja kwa moja hadi sebuleni kuchukua kitenge, akapita palepale kwenye nguzo. Nilimtazama bila sababu. Wa pili akapita vile vile, moja kwa moja.

Halafu mama akatoka na beseni la vyombo. Alipofika karibu na nguzo akapinda, akapitia ukingoni penye saruji iliyomeguka, akarudi kwenye mstari wake, akaingia ndani. Dada yangu akafuata na ndoo. Akapinda. Baba mdogo akaja kutoka kwenye mashine, simu sikioni, anazungumza na mtu kuhusu kuifungua kesho, na akapinda bila kukatiza maneno. Pale kwenye nguzo hapakuwa na mtu wala kitu.

Nilikaa na vidole juu ya herufi. Sentensi nilikuwa nimeimaliza, na ilikuwa sahihi. Nikaihifadhi, nikatuma tasnifu nzima kwa simu, nikangoja hadi ujumbe wa msimamizi uliposema imefika na imekubaliwa. Nikasimama kwenda sebuleni kumwambia mama kwamba nimepita.

Sikufika. Nilipokaribia nguzo, miguu yangu yenyewe ilikwenda pembeni, kwenye saruji mbovu, ikiiachia nafasi miguu mingine miwili yenye vumbi la pumba. Nikasimama hapo ukingoni. Ganzi ikatoka yote kwa mara moja, na maumivu yakaja. Nikarudi, nikaketi palepale alipokuwa akikaa baba, nikaegemea nguzo na kunyoosha miguu, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Mama akatoka sebuleni na beseni tupu. Akaniona. Hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia niikunje miguu. Akanizunguka.