Damu Iliyosemekana Kumkataa

Nesi aliingia maabara na mfuko wa damu uliobaki nusu, mrija umefungwa, na chupa ya sampuli mpya.

"Nimeisimamisha," alisema. "Mama analia mgongo, anatetemeka, na mkojo wake umekuwa rangi ya kola."

Mfuko ule niliupima mimi. Nilikuwa nimetoka chuo, nafanya mazoezi ya kazi katika hospitali moja hapa Machakos.

"Haya, mwenye digrii," msimamizi wangu akasema, "umetuulia mtu?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nilifungua daftari la vipimo. Sampuli ya asubuhi ilikuwa kundi A, mfuko A, na nilipozichanganya damu hazikugandana. Nilirudia, kwa sababu mimi hurudia kila kitu, hata kufunga mlango.

Tuliizungusha sampuli mpya kwenye mashine. Maji ya juu, ambayo huwa ya manjano, yalikuwa mekundu: chembe za damu zilikuwa zinapasuka ndani ya mishipa yake. Nikapima kundi. O. Nikarudia chupa ya asubuhi. A.

"Mtu habadilishi kundi kabla ya chakula cha mchana," nilisema. "Hii ya kwanza si damu yake."

Mwenye O huzunguka na kingamwili dhidi ya A hata kama hajawahi kuongezwa damu. Zikikutana na chembe za A, hazingoji. Hakuna aliyecheka tena.

Tulipanda wodini. Mgonjwa wetu, mama aliyetoka Masinga, alikuwa amelala kando ya mama aliyetoka Wamunyu, na wote wawili walikuwa na jina lile ambalo Ukambani hupewa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Daktari wa mazoezi aliyetoa sampuli alijitetea.

"Nilimuuliza, 'Wewe ndiye fulani?' Akaitikia, 'Ĩĩ.'"

Nani angekataa jina lake? Alipaswa kumwacha ajitaje mwenyewe, majina yote, kisha yeye daktari asome namba ya utepe wa mkononi mwake, aandike chupa palepale kitandani. Yeye aliziandikia mezani.

Figo za mama wa Masinga zilikataa kazi. Alifariki wiki hiyohiyo.

Wakubwa waliiambia familia kwamba damu ilimkataa. Neno zuri: halina mtu ndani yake. Sisi tuliambiwa tunyamaze.

Binti wa marehemu alikuja dirishani petu, bado ana kitambaa cha kanisani kichwani.

"Nisaidie. Mama alikuwa na damu mbaya? Niko na watoto, watairithi?"

Nilimtazama msimamizi. Akageukia darubini.

"Damu yake ilikuwa nzuri," nilisema. "Alipewa isiyo yake. Chupa ya kupimia ilijazwa damu ya jirani yake wa wodini."

Akauliza, "Na jirani anaendelea aje?"

"Ameruhusiwa kwenda nyumbani."

"Asante Mungu," alisema, na hapo ndipo akaanza kulia. Msimamizi alifunga dirisha.