Mama Yupi Amekufa?

Profesa wetu alikuwa na sheria moja, na aliitangaza siku ya kwanza kabisa. Kazi isiyofika siku yake haisomwi, na asiye na kazi haingii mtihani. Muda haongezi, ila kwa mgonjwa mwenye karatasi ya daktari, au kwa aliyefiwa na baba au mama. Hapo akatutazama sisi weusi wachache, akaongeza: "Si babu, si mjomba, si binamu." Wazungu wenzetu darasani wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasoma kwa bourse, ile fedha ya msaada wa masomo, na bourse ilitaka nipite kila mwaka. Ningeanguka somo lile moja tu, ningerudi mjini kutafuta kazi ya ukarani, na Élisabethville nzima ingesema, mnaona sasa, tuliwaambia mweusi hawezi.

Tena kazi yenyewe niliipenda. Ilikuwa utafiti juu ya habari: watu wa Kenya, mtaa wetu, wanazipata wapi, kwenye gazeti au kwenye redio, na zikishafika kwenye parsele, pale uani watu wanapokaa pamoja, zinageukaje. Nilikata makala za magazeti, nikazipanga kwa mada, kisha nikaanza kupita parsele kwa parsele na maswali yangu. Jamani, raha! Mmoja anasoma gazeti kwa sauti, wenzake wanasikiliza huku wanabishana, na kila mtu anaondoka na habari yake mwenyewe. Ilikuwa imebaki barabara moja tu wakati mama mukubwa alipokufa.

Huyu alikuwa mkubwa wa mama yangu, tumbo moja. Mama aliponizaa aliugua sana, na mama mukubwa ndiye aliyenichukua, akaninyonyesha pamoja na mtoto wake, akanibeba mgongoni mpaka nikatembea. Alinichapa pia, na si mara chache. Nilimwita mama, basi. Kwetu hakuna jina lingine la kumwita.

Tulikaa matanga. Wanawake kwenye mikeka ndani, wanaume nje kwenye moto. Sasa wewe mfiwa utaondokaje hapo na penseli, uende kugonga mlango wa mwenzako, umuulize kama anapenda redio? Wangesema kifo kimeniharibu kichwa. Siku zikaenda, na tarehe ya profesa ikawa inakuja mbiombio.

Nikakaa kitako kuandika barua. Niliiandika kwa Kifaransa, nikaifuta, nikaiandika tena. Kwa lugha yetu ilikuwa inasema hivi:

"Bwana Profesa, kwa heshima nyingi nakuomba uniongezee majuma mawili kwa kazi yangu juu ya magazeti na redio katika mtaa wa Kenya. Mama yangu amefariki, na desturi yetu hainiruhusu kuingia nyumba za watu na maswali kabla matanga hayajaisha. Uchambuzi wa magazeti umekwisha, nami nitakuletea sehemu hiyo siku ile ile uliyoiweka. Yamebaki mazungumzo katika parsele za barabara moja, na sura ya mwisho inayoyategemea. Kazi nzima nitakukabidhi Jumatatu inayofuata majuma hayo mawili. Kama haiwezekani, naomba unijulishe, ili nikuletee nilichonacho."

Kwenye "mama yangu" kalamu ilisimama. Niliandika kwanza *ma tante*, maana ndivyo Kifaransa kinavyomwita dada wa mama. Nikaitazama. Tante! Wakati ule kwetu tante alikuwa mama wa Kizungu yeyote anayekuja Jumapili kunywa kahawa, watoto wanampa shavu abusu, anakwenda zake. Huyo ndiye aliyeninyonyesha? Nikaikata, nikaandika *ma mère*. Je, nilijua kwamba kwa tante profesa angenikatalia? Nilijua vizuri sana, mimi si mjinga. Lakini angeniuliza kwa Kiswahili nani amekufa, ningemjibu mama, na pale kwenye mikeka hakuna hata mmoja ambaye angeshtuka. Lugha yake ndiyo iliyokuwa na upungufu, si mimi. Nilikasirika siku ile, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Barua ilirudi na mwandiko wake pembeni: majuma mawili yamekubaliwa, pole kwa msiba. Matanga yakaisha, nikaanza kupita kwenye ile barabara iliyobaki.

Jumamosi moja nilikuwa uani nyumbani napanga majibu ya watu, nikasikia watoto wa jirani wanapiga kelele: "Muzungu! Muzungu!" Gari lilikuwa limesimama mbele yetu. Akashuka profesa, kofia mkononi, na pakiti ya sukari kwapani. Mtu alikuwa amemwambia kwamba kwetu haendi mtu kutoa pole mikono mitupu. Alikuwa amekuja kwa moyo mzuri kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

Mama akatoka jikoni anapangusa mikono.

"Karibu, Bwana. Ikala," akamwambia, akamsogezea kiti.

Nikamsemesha haraka, kichwa chini: "Mama, anakuya sababu ya matanga. Mu barua niliandika mama alikufa."

Mama akaniangalia.

Profesa akaniuliza kwa Kifaransa bibi huyu ni nani. Mama alilijua neno *mère*, maana masista wa misheni tuliwaita ma mère. Na hata bila hilo, macho ya profesa yalitosha kumwonyesha anaulizwa nani. Kabla sijafungua mdomo akasema yeye:

"Umuambie hivi. Mama yake huyu mutoto alikufa. Miye niko mudogo yake."

Hakuna uongo hapo. Chukua kila neno ulipime: mama yangu alikufa kweli, na huyu alikuwa mdogo wake kweli. Nikatafsiri neno kwa neno.

"Ah," akasema profesa. "Sa tante."

"Oui, Monsieur," nikasema.

Akasimama, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akasema maneno, akanigeukia, akingoja nitafsiri. Ikabidi nitafsiri.

"Anasema aksanti juu unanichunga. Anasema sasa nabakia na weye tu."

"Aksanti, Bwana," mama akajibu. Machozi yalimtoka. Profesa akainamisha kichwa kwa heshima, akaaga.

Gari likaondoka. Mama akaichukua ile sukari, akaipima mkononi.

"Tante ni nini?" akauliza.

"Ni mudogo ya mama."

"Aa-a. Usinidanganye, baba. Kwa bo Wazungu, tante njo ule hakukuzaa." Akaanza kuelekea jikoni. "Maliza kazi yako. Nisikie tena muda umepita, tutaonana miye na weye."

Niliimaliza, nikaikabidhi ile Jumatatu, na profesa akaisifu mbele ya wote. Nikapita mwaka ule na miaka iliyofuata. Siku ya kupewa diploma nilimpeleka mama. Alivaa kitambaa kipya, viatu vinambana, akakaa wima kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Baadaye profesa akatuona nje, akaja na mkewe, amefurahi kweli, akamwambia mkewe kwa Kifaransa: "Huyu ndiye tante aliyemlea, tangu mama yake alipofariki."

Nilifungua mdomo nimwambie mambo yalivyokuwa, pale pale, liwalo na liwe. Mama akanibana mkono. Kisha akamtazama yule bibi, akatabasamu, akasema mwenyewe kwa Kifaransa, bila mtu wa kumtafsiria: "Oui, Madame. Tante."