Caption ya kileleni ilivyotaka kuondoka na vidole vyangu

Wakuu, natumaini wote mko poa. Hili limenipata mwenyewe, sitatia chumvi, maana shahidi naye yumo humu.

Mimi ni fundi cherehani, Handeni mjini. Baridi kwetu ni ya soda tu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mkulima wa mahindi Mashewa, Korogwe. Tukaamua twende Kilimanjaro, tuache kuwaachia wageni.

Kupanda nilipanda vizuri, nasema bila aibu. Jua limeshachomoza tukafika kilele cha Uhuru. Nikalia, mtu mzima mimi.

Shemeji akanipiga picha kwa simu yangu kwenye ubao wa kileleni. Hapo ujuaji ukaniponza.

Nikaona caption, yaani maneno ya kuweka chini ya picha, lazima iandikwe palepale. Nikavua glavu, nikaziweka juu ya jiwe. "Mlima umesalimu amri..." Nikafuta. Nikaandika upya. Nikafuta tena.

Upepo ukabeba glavu ya kulia, ikabiringika ikapotea. Simu nayo ikazima kwa baridi.

Kutazama mkono, vidole vitatu vimepauka kama mshumaa. Nikivibana sisikii kitu. Wakuu, bila vidole hivyo sina kazi. Niliogopa sana.

Nikaanza kuvisugua. Guide wetu akanidaka: "Usisugue kaka, utachubua ngozi! Vipashwe taratibu."

Shemeji hakuuliza. Akafungua koti, akauchukua mkono wangu na kuubana kwapani kwake, ngozi kwa ngozi, huku meno yanamgongana.

"Shemeji, huu mkono au samaki wa kwenye friji?"

Nilicheka huku nalia. Baadaye vidole vikaanza kuwaka moto, maumivu hayaelezeki. Guide akasema hiyo ndiyo dalili nzuri, damu inarudi. Shemeji akanivisha soksi zake za akiba, mbili kwa mkono mmoja.

Nikadhani yameisha. Kumbe kushuka ndiyo shughuli yenyewe.

Guide alitukazisha kamba za viatu kifundoni, ili vidole vya miguu visigonge mbele. Kokoto zinaporomoka, unatanguliza kisigino, fimbo mbele, magoti yanatetemeka. Kila nikiomba kukaa naambiwa pumzika umesimama, ukikaa jasho linapoa na baridi inakuingia. Hadi kambi ya Kibo, kama masaa matatu hivi. Tukala supu, tukalala kidogo, halafu siku hiyohiyo tukashuka tena hadi kambi ya Horombo. Nilifika natembea kama bata.

Vidole vipo, ncha zilibambuka ngozi tu. Jana nimeshona suruali mbili.

Nilichojifunza: kileleni piga picha, vaa glavu, geuka. Nguvu za kushukia zibaki mwilini, maneno utayaandika nyumbani.

Caption yangu nimeiandika juzi:

"Hapa nacheka, lakini nimechoka, vidole vina ganzi na kushuka bado. Aliyeuponya mkono wangu humuoni, ndiye aliyeshika simu."

Mliowahi kushuka milima, magoti mliyafanyaje? Yangu bado yanalalamika, semeni.

Mke wangu alipoisoma hiyo caption, hakunipa hata pole. Alimpigia kaka yake kwanza.